Barua ya noko kuhusu meka, mahindi yenye maji na riziki: nafungua depo Katuba, naomba mawazo yenu

Mwipwa_Katuba:
Wandugu, jambo kwenu wote. Mwezi huu wa tano nafungua depo ndogo ya mahindi hapa Katuba, Lubumbashi. Nimenunua magunia 40 ya kilo 50 kwenye lori lililotoka upande wa Kasumbalesa. Ukihesabu usafiri na wabebaji, kila gunia limenifikia franka 45,000, kwa hiyo jumla ni 1,800,000. Nilipoyashusha nikaona matatu yameloa chini na yananuka ukungu, na mengine 37 yanaonekana hayajakauka vizuri. Lori lilikuwa limeshaondoka na simu ya mwenye mali haipokelewi.

Kabla sijauza hata meka moja, lile kopo letu la kupimia, nilimwandikia noko wangu, kaka wa mama, aliye Likasi. Ana umri mkubwa, na miaka mingi alifanya kazi kwenye magazini ya Gécamines, hata ile ya kugawa posho ya unga, mpaka alipoondoka 2003. Amenijibu kwa mkono, barua akampa kijana wa basi aniletee. Nimemuomba ruhusa niiandike hapa, akakubali. Kuna mambo ndani yake ambayo nayakubali moja kwa moja, na kuna moja linanisumbua.

*Mwipwa wangu mpendwa,*

*Nimepata habari yako na nimefurahi. Mama yako angekuwa hai angepiga vigelegele. Sasa kaa chini usome polepole, maana mkono wangu unatetemeka na sitaandika mara mbili.*

*La kwanza ni meka. Usinunue meka ya mtu aliyeitumia sokoni. Wengi wanaigonga kitako kwa ndani, kinapanda kama upana wa kidole, halafu wanakijaza kilima cha mahindi juu ili jicho la mama anayenunua libaki kwenye kilima. Nunua mpya, halafu ipime kwa maji. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, mimina chupa mbili, ongeza nusu lita. Ikijaa pomoni bila kumwagika, hiyo ni lita 3 na nusu, na mahindi makavu yakisawazishwa kwa kijiti yatakuwa karibu kilo mbili na nusu. Rudia kila mwezi, tena mbele ya wateja. Meka ikianguka ikabonyea, itupe siku hiyo hiyo.*

*La pili ni maji. Mahindi yanayovunwa mwezi wa nne na wa tano yana haraka ya pesa, hayakungojwa shambani. Tafuta chupa ya kioo yenye kifuniko, kavu kabisa. Tia mahindi mpaka theluthi moja, tia vijiko viwili vya chumvi uliyoianika juani, funga, tikisa dakika moja, kisha iache robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yana maji mengi. Toa mahindi ya katikati ya gunia, si ya juu. Yakionekana na maji, yaanike juu ya bashi, tabaka jembamba, uyageuze, usiku uyafunike. Yaache yapoe kabla ya kuyafunga, na gunia lisiguse sakafu wala ukuta. Utaona uzito unapungua na utaumia. Hayo yaliyopungua ni maji, mwanangu, na hukuzaliwa kuwauzia watu maji kwa bei ya chakula.*

*La tatu, hayo magunia matatu. Usiyauze. Usimpe mtu wa kuku, usimpe mtu wa pombe, usiyatupe jalalani, kwa sababu kuna watoto wanaookota jalalani. Chimba shimo uyafukie, na umwagie majivu juu ili asije mtu kuyafukua. Najua ni pesa. Ndiyo maana nakuandikia wewe, sikumwandikia mtu asiye na hasara.*

*La nne linahusu moyo, na ndilo zito kwangu. Soma Mithali sura ya 11, mstari wa kwanza na mstari wa 26. Wa kwanza ni juu ya mizani. Wa 26 ni juu ya mtu anayezuia nafaka, na watu wanamlaani. Nimewaona watu hao. Mtu akishajaza nyumba mahindi mwezi wa sita angojee mwezi wa kwanza, kitu kinabadilika ndani yake. Akisikia Wazambia wamezuia mahindi yasitoke, moyo unaruka kwa furaha. Mvua ikichelewa anafurahi. Jumapili anasema pamoja na jirani "utupe leo riziki yetu", na huku anaomba jirani aikose. Sitaki uwe hivyo. Uza unachonunua, nunua tena, uza tena. Mungu anayekupa wateja wa mwezi wa sita ndiye atakayekupa wa mwezi wa kwanza. Lakini usinielewe vibaya: jua la mwezi wa sita ameshakupa bure, bashi ni juu yako.*

*Daftari la deni liwe na saini ya mdaiwa. Mke wako alione kila jioni. Nyongeza usimnyime mtu, hasa mama mwenye watoto.*

*Noko wako anayekuombea.*

Hapo ndipo mwisho. Ninaloomba mnisaidie: nikifanya yote haya, niuze bei gani nisife? Na hili la kuweka akiba, ni kweli ni dhambi?

Chuma_Kamalondo:
Kaka, usichukue deni la riba kabisa. Mimi nilikopa kwa mtu, kila mwezi unalipa nusu juu, mwisho nikauza friza. Anza na chako hata kama ni magunia matano.

Mwipwa_Katuba:
Asante kaka, pole sana kwa yaliyokupata. Pesa ni yangu, sina deni. Swali ni la bei na mahindi.

Mama_wa_Soko_Kenya:
Mwanangu, noko wako amesema kweli kuhusu kitako. Nauza hapa soko la Kenya tangu sijaolewa, na nimeona mpaka za kumwagia nta ndani, nta nyeupe, hutaiona mpaka uingize vidole. Ila asikutishe sana na kilima. Kila mtu hapa anaweka kilima, na mteja asipokiona anaondoka. Kilima kinarudisha kile kilichoibiwa chini, hesabu inakuwa sawa. Na meka ni kilo mbili na nusu siku zote, iwe mahindi, iwe bunga. Usijisumbue na chupa za maji.

Fundi_Mizani:
Mama, heshima yako, lakini hapo kuna mambo mawili ya kurekebisha.

Meka inapima nafasi, haipimi uzito. Meka hiyo hiyo ya lita 3 na nusu yenye kilo mbili na nusu za mahindi, ukiitia bunga unapata kama kilo mbili tu, kwa sababu bunga lina hewa. Na wanaochekecha bunga dakika moja kabla ya kupima wanalijua hilo vizuri: likishachekechwa linavimba, meka inajaa haraka. Mteja akifika nyumbani akiligonga gonga ndoo, anaona limeshuka. Kama mwipwa atauza na bunga pia, auze kwa mizani.

Kuhusu kilima: ni kweli kinaweza kurudisha kilichopotea chini, kama wewe peke yako ndiye unayekiweka. Lakini umesema mwenyewe kila mtu anakiweka. Basi mwenye meka nzima ana kilima, na mwenye meka iliyobonyezwa ana kilima, na tofauti ya chini inabaki pale pale.

Sasa bei. Nimekaa nikahesabu mali yako, Mwipwa, usikasirike. Ondoa magunia matatu, unabaki na 37, yaani kilo 1,850. Tuseme yana maji asilimia 16 na unayakausha mpaka 13. Kilo 1,850 zinakuwa 1,786. Ukipepeta vumbi, vibunzi na mawe, tuseme zinabaki 1,760. Hizo ni meka 704. Gawa 1,800,000 kwa 704, meka moja imekugharimu franka 2,557 kabla hujalipa kodi ya soko, mlinzi, wala mafuta ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo yule atakayekuambia uuze 2,600 kwa sababu jirani anauza 2,600, anakuambia ufanye kazi bure.

Uza 2,750.

Najua utaniambia wateja watakimbilia kwa jirani. Basi tupime meka ya jirani. Kitako kikipanda sentimita moja kwenye meka yenye upana wa sentimita 16, kinakula lita 0.2. Meka yake haina tena kilo 2.5, ina kama 2.355. Gawa 2,600 kwa hiyo: mteja wake analipa franka 1,104 kwa kilo. Wako analipa 1,100. Wewe ndiye wa bei nafuu, na hapo bado sijahesabu kwamba ya kwake yana maji na ya kwako makavu. Shida yako ni kwamba mteja anasikia 2,600 na 2,750, hasikii kilo.

Kijana_Ruashi:
Fundi hesabu zako ni nzuri kwenye karatasi. Mama anayekuja na franka 2,600 mkononi hana 150 ya kuongeza. Atakwenda kwa jirani na watoto watakula. Mwaminifu atabaki na magunia yake mpaka panya wamalize. Hata hayo matatu ningeyauza kwa watu wa pombe ya lutuku, wale hawaulizi ukungu, moto unachemsha kila kitu. Magunia matatu ni 135,000. Noko yuko Likasi, halipi nyumba ya mtu.

Fundi_Mizani:
Kijana, la mama mwenye 2,600 ni la kweli na sina jibu jepesi. Auze na nusu meka, kipimo chake kizima, mtu anunue anachoweza. Hilo linasaidia kidogo.

La lutuku sikubali. Sumu ya ukungu ule wa mahindi haiuliwi na moto wa kupikia, si wa bukari wala wa uji. Nchi ya Kenya, si komini yetu ya Kenya, mwaka 2004 watu 125 walifariki huko mashariki mwa nchi kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa bado na maji. Ni chakula cha kawaida walikipika kama siku zote. Na hata ukichambua kwa mkono ukatoa punje za kijani na nyeusi, unapunguza tu, maana punje nyingine zina sumu na uso wake ni mzuri. Kwenye lutuku kinachopanda kama mvuke ni pombe, lakini machicha yanabaki kwenye pipa na yanakwenda kwa nguruwe. Na mwenye munkoyo je? Munkoyo hautoneshwi, unakunywa kila kitu kilichomo. Ukishauza gunia, huamui tena linakwenda wapi.

Kijana_Ruashi:
Sawa, la munkoyo nimelisikia, bibi yangu anautengeneza. Lakini nguruwe sijaona akifa.

Dada_wa_Kadutu:
Nawasalimu kutoka Bukavu. Sisi huku tunapima maharagwe kwa gigozi, zile kopo za maziwa, na wizi ni ule ule. Nataka kuleta la kwangu. Nilipoanza Kadutu nilikuwa na mteja mmoja tu wa uhakika, mama wa mgahawa. Alikuwa anakuja na gigozi yake mwenyewe kutoka nyumbani. Wenzangu walimfukuza, wakisema anawatukana. Mimi nikamwambia mama pima. Gigozi yake na yangu zikatoa sawasawa. Tangu siku hiyo akawa anatuma mtoto bila kuja mwenyewe, na mtoto akawa anatumwa na majirani pia. Sikumwambia mtu kwamba wengine ni wezi. Kwa hiyo Mwipwa, andika kwenye kibao: "Njoo na meka yako." Yule mwenye kitako cha kupanda hawezi kuiga maneno hayo.

Na deni, noko amesema saini. Mimi naongeza: deni la maharagwe niliandika kwa gigozi, si kwa pesa, kwa sababu bei ilikuwa inapanda kila wiki. Aliyekopa gigozi mbili ananirudishia bei ya gigozi mbili ya siku anayolipa. Wengine walilalamika. Sijui noko angesema nini.

Shemasi_Kampemba:
Mwipwa, barua hii nimeisoma mara mbili na ningependa kumjua mzee huyu. Nikujibu juu ya akiba, maana ndilo uliloliuliza na wengi wamelipita.

Yusufu kule Misri aliweka nafaka miaka saba, na Biblia inamsifu. Kwa hiyo kuweka mahindi si dhambi kwa sababu tu ni kuweka. Mahindi yanavunwa mara moja, watu wanakula miezi kumi na miwili. Kama hakuna anayeweka mwezi wa sita, mwezi wa pili tutakula nini? Angalieni mwanzo wa 2023, mahindi ya Zambia yalipokuwa hayaji vizuri, bunga lilipanda mpaka familia zikawa zinakula bukari mara moja kwa siku. Hapo aliyekuwa na akiba akaitoa kwa bei ya haki alikuwa msaada wa Mungu kwa mtaa wake.

Ninamwelewa noko hivi: anaogopa kile kinachotokea moyoni mwa mwenye akiba. Hapo amegusa kweli ambayo sisi wahubiri tunaipita. Kwa hiyo ningesema weka kidogo, na bei yako ya mwezi wa kwanza uiamue leo, mwezi wa tano, uiandike na mke wako aione. Gharama ya kununua, ya kuanika, ya mlinzi, ya panya, na faida yako. Mpaka ukifungwa, bei yako haibadiliki. Hapo habari ya mpaka haitakufurahisha tena, kwa sababu haikuongezei kitu.

Mama_wa_Soko_Kenya:
Shemasi, hilo zuri kanisani. Ukiuza rahisi siku wengine wanauza ghali, mchuuzi mkubwa anatuma vijana watano wanunue mali yako yote asubuhi, anaiuza yeye ghali mchana. Umemsaidia yeye, mama wa mtaa hakupata. Nimeliona kwa macho yangu mwaka huo huo wa 2023.

Shemasi_Kampemba:
Mama, umenifunga mdomo hapo. Labda kuuza meka tu, si gunia, na kwa watu unaowajua? Sina uhakika kama itatosha.

Fundi_Mizani:
Akiweka, kuna la kujua pia upande wa mali. Chumvi ya noko inakuambia kama mahindi yako juu ya asilimia 15 au chini yake, basi. Kwa kuuza ndani ya wiki tatu inatosha. Kwa kuweka mpaka mwezi wa kwanza, mvua ikiwa imeanza, haitoshi, unataka 13. Baada ya chumvi kuacha kushika, endelea kuanika siku mbili tatu za jua kali, mpaka punje ukiiuma ivunjike kwa mlio badala ya kubonyea. Halafu ingiza mkono katikati ya gunia kila wiki. Ukisikia joto, fungua siku hiyo hiyo. Harufu inakuja nyuma ya joto, usiingojee.

Na ile nyongeza ya kuwapa wateja, Mwipwa. Noko ni mtu wa Mungu, lakini piga hesabu. Konzi moja ya mahindi ni kama gramu 100. Mara 704 ni kilo 70, zinakwenda na franka 77,000 za mauzo. Kwa bei ya 2,750 ungebaki na 136,000 juu ya mtaji, ukitoa konzi kwa kila mtu unabaki na 59,000, na kodi na mlinzi bado. Kwenye mzigo huu wenye hasara ya magunia matatu huna nafasi hiyo.

Mwipwa_Katuba:
Wandugu, nimewasoma wote, nawashukuru sana. Nimempigia noko jana jioni nikamsomea majibu yenu, hasa la Yusufu na la konzi.

La konzi alinyamaza kidogo, akasema: "Mwambie huyo fundi hesabu yake ni sawa. Basi usiwape wote. Uwape wale watakaokuja na watoto mgongoni, na uandike daftarini kama sadaka, ili usijidanganye kwamba zimeibiwa." Nimekubali hilo.

La Yusufu hakukubali. Alisema Yusufu hakuwa na depo, alikuwa na ghala la mfalme, na faida haikuwa yake. Shemasi, nadhani mtapaswa kuongea ninyi wenyewe, nitamwomba anipe ruhusa nikupe namba. Mimi kwa mzigo huu sitaweka. Nitauza kama alivyosema, ninunue mwingine, na nitaona mwezi wa nane.

Magunia matatu tumeyafukia leo asubuhi nyuma ya nyumba, mimi na shemeji yangu. Jirani mmoja alisimama akatuomba nusu gunia kwa bata wake, nikamwonyesha punje zilizo chini jinsi zilivyoshikana kwa kijani, akaondoka akiwa hajaridhika. Mengine yako juani tangu Jumatatu, mabashi manne. Chumvi bado inashika kidogo kwenye yale ya magunia ya nyuma.

Kibao nimeandika: meka 2,750, nusu meka 1,375, njoo na meka yako. Dada wa Kadutu, hilo ni lako. La deni la kupanda na bei nimemuuliza pia noko, akasema angehitaji kusali kwanza, kwa hiyo jibu bado.

Kijana_Ruashi:
Sibadili mawazo yangu kuhusu 150 ya yule mama. Lakini niambie ukishafungua, nitamtuma dada yangu na meka ya nyumbani tuone.

Fundi_Mizani:
Mwipwa, yale ya magunia ya nyuma yatenge, usiyachanganye na yaliyokauka, maji yanahama kutoka punje moja kwenda nyingine ndani ya gunia na utaharibu yote. Nina mizani ya kuning'inia, naipitisha Jumamosi. Tuihakikishe kwanza kwa bidoo la maji la lita tano, halafu tupime meka kumi moja moja kabla hujafungua mlango.